Nikijitoa chuoni Jumatatu, pesa hizi ni za nani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23. Nilizaliwa Fizi kule Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na huu ni mwaka wa tatu tangu tuletwe Kentucky, Marekani, mimi, mama na wadogo zangu wawili. Tarehe 25 Agosti nilianza chuo cha umma cha hapa mjini, masomo manne ya maandalizi ya uuguzi.

Pesa zilikuja hivi. Ada ya muhula ni dola 4,200. Serikali ilinipa ruzuku ya Pell 3,600, na mkopo ambao baada ya makato ulifika chuoni 1,730. Jumuiya yetu ya Wakongo ikachanga 1,500, wakapeleka hundi chuoni kwa jina langu. Ada ilipokatwa, chuo kikaniingizia benki 2,630. Nikalipa pango lililokuwa limelala, nikatengeneza breki za gari, na dola 600 nikamtumia kaka yangu aliyebaki Nyarugusu. Zimekwisha.

Septemba figo za mama zikakataa kazi. Sasa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na dereva ni mimi, mkalimani ni mimi. Nimekosa madarasa mengi. Nimejaza fomu ya kujitoa na nia yangu ni kuipeleka Jumatatu, tarehe 29 Septemba. Lakini kila mtu ana lake. Binamu yangu anasema nisisaini chochote, niache tu kwenda. Rafiki yangu anasema nikivuka asilimia 60 pesa zote ni zangu. Kwenye ukurasa wa chuo nimesoma kuwa marejesho ya ada ni asilimia 100 wiki ya kwanza, 75 ya pili, 50 ya tatu, 25 ya nne, kisha basi. Wiki ya nne imepita. Na katibu wa jumuiya ameshaniuliza kwa upole, "Kama huendelei, ile 1,500 itarudi lini?" Nilishindwa kumjibu. Naona aibu hata kwenda kanisani.

Shangazi, nifanyeje?

Binti wa Nyarugusu

* * *

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole yangu. Kusafishwa damu mara tatu kwa wiki ni kazi ya nyumba nzima, wala simshangai mtu anayeacha shule kwa sababu hiyo.

Kabla sijaingia kwenye hesabu, nina swali moja. Je, umeshamwambia mtu yeyote wa chuo kwamba unaacha? Siulizi kwa udaku. Nilikaa miaka tisa kwenye dirisha la mikopo na ruzuku la chuo kimoja, na nimeona mwanafunzi akifika kuuliza tu, akasema "mimi naacha", na sentensi ile ikawa tarehe yake rasmi. Kwa chuo kisicholazimishwa kuchukua mahudhurio, siku ya kujitoa ni ile uliyoanza utaratibu wa kujitoa au uliyoijulisha ofisi husika nia yako, kwa mdomo au kwa maandishi. Kama ulishalisema, bado unaweza kulifuta kwa kuandika kwamba unaendelea na utamaliza muhula. Kama hujalisema, ukifika dirishani sema, "Nataka kujua itakuwaje endapo nitajitoa." Neno hilo "endapo" lina thamani ya dola nyingi.

Sasa nikuoneshe kitu ambacho binamu, rafiki na ukurasa wa chuo wamekichanganya. Unatazamwa na saa mbili, na hazisomi wakati mmoja.

Saa ya kwanza ni ya chuo. Ndiyo ile ngazi ya 100, 75, 50, 25. Inajibu swali moja tu: kati ya ada ya 4,200, chuo kitakufutia kiasi gani? Kila chuo hupanga ngazi yake, na cha kwako ngazi iliisha wiki ya nne. Jumatatu utakuwa wiki ya sita. Kwa saa hii, ada yote inabaki juu yako.

Saa ya pili ni ya serikali kuu, na haiulizi habari za ada. Inauliza: kati ya ruzuku na mkopo tuliokupa kwa muhula mzima, ni kiasi gani umekwisha kukistahili kwa siku ulizokaa? Inahesabu siku kwa siku, Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Ukivuka asilimia 60 ya siku za muhula, unahesabiwa umestahili zote. Kabla ya hapo, unastahili kwa kadiri ya siku tu.

Zamani serikali iliingilia hata ngazi za marejesho ya ada za vyuo. Marekebisho ya sheria ya 1998 yakatenganisha mambo haya: chuo kipange ada yake kinavyotaka, serikali itadai chake kwa hesabu yake. Ndiyo maana leo mwanafunzi anaweza kukutwa katikati, chuo hakirudishi ada lakini serikali inarudishiwa pesa zilizoilipa ada hiyo hiyo. Upana wa shimo hilo unategemea tarehe.

Tupige hesabu yako. Nachukua kuwa muhula wako unaisha tarehe 12 Desemba, kama ilivyo kwa vyuo vingi vilivyoanza siku moja na chako. Uhakikishe kwenye kalenda. Kuanzia 25 Agosti hadi 12 Desemba ni siku 110. Mapumziko yanayofika siku tano mfululizo au zaidi hutolewa, kwa hiyo kama chuo chako hufunga Jumatano hadi Jumapili ya sikukuu ya Shukrani, zinabaki 105. Jumatatu tarehe 29 Septemba ni siku ya 36. Gawa 36 kwa 105, unapata asilimia 34.3.

Pesa za serikali zilizokufikia ni 3,600 na 1,730, jumla 5,330. Asilimia 34.3 yake, kama dola 1,828, umezistahili. Zinabaki kama 3,502 ambazo hujazistahili, na lazima zipewe mtu wa kuzirudisha.

Chuo hurudisha kwanza. Fungu lake ni asilimia ile ile ambayo hukuistahili, 65.7, ikizidishwa kwa ada ya 4,200. Inakuja dola 2,759. Chuo kina siku 45 tangu kitambue kwamba umejitoa kuzirudisha, na hakichagui pa kuanzia: mkopo kwanza, kisha ruzuku. Kwa hiyo mkopo wako wote wa 1,730 unafutika, na kama 1,029 zinarudi kwenye Pell.

Fungu lako wewe ni lile lililobaki, kama dola 742, na lote ni la ruzuku. Hapa sheria ina huruma kidogo: mwanafunzi hadaiwi ruzuku mpaka fungu lake lizidi nusu ya ruzuku yote aliyopewa. Nusu ya 3,600 ni 1,800, na 742 haifiki huko. Serikali haitakudai hata senti.

Umepumua? Usipumue sana. Chuo kimetoa 2,759 kwenye akaunti yako kuipelekea serikali, na ada yako haijapungua kwa sababu ngazi imekwisha. Pengo hilo ni lako. Bili ya dola 2,759 itakufikia, pengine mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati umeshasahau fomu. Nimewaona watu wakiifungua bili hiyo na kudhani chuo kimewaibia.

Na tazama kilichobadilika. Ulikuwa na mkopo wa serikali, ambao una miezi sita ya kupumua baada ya kuacha masomo na njia za kulipa kulingana na kipato. Umefutika, na mahali pake limekuja deni la chuo, kubwa zaidi, linalodaiwa mara moja. Vyuo vingi hukuzuia kujiandikisha muhula ujao hadi ulipe, na baada ya miezi kadhaa baadhi huliuza au kulikabidhi kwa wakusanya madeni. Watu hufurahia kusikia mkopo umefutwa. Mimi nikiona mkopo wa mtu umefutwa kwa namna hii, namuuliza kwanza bili ya chuo inasemaje.

Sasa ushauri wa binamu. Ukiacha kwenda kimya kimya, muhula ukaisha na masomo yote yakawa F, chuo hakiruhusiwi kudhani tu kwamba ulifeli. Kinapaswa kuchunguza kama ulikaa hadi mwisho ukafeli, au uliondoka. Ikionekana uliondoka bila kuaga, tarehe yako huwekwa katikati ya muhula, yaani asilimia 50, au chuo kinaweza kuchukua siku ya mwisho uliyofanya jambo la masomo: kuhudhuria darasa, kufanya mtihani, kuwasilisha kazi. Kuingia tu kwenye mfumo wa masomo mtandaoni hakuhesabiki. Wakikuwekea katikati, chuo kitarudisha nusu ya ada, na bili yako itakuwa 2,100. Kwa pesa tu, binamu amekupunguzia dola 600 na kitu ukilinganisha na fomu ya Jumatatu. Lakini amekupa F nne, na wastani wa alama ndio kitu cha kwanza shule ya uuguzi inachotazama. Tena wakichukua siku yako ya mwisho darasani badala ya katikati, hata hiyo nafuu hamna.

Rafiki yako ana ukweli mkubwa zaidi, ila ameusema nusu. Siku ya 63 ni asilimia 60 kamili, na sheria inataka zaidi ya 60. Siku ya 64 ni Jumatatu tarehe 27 Oktoba. Ukiwa bado mwanafunzi wa kweli siku hiyo, ndipo ukajitoa, chuo hakirudishi chochote serikalini na bili yako inakuwa sifuri. Mkopo wako wa 1,730 unabaki, na utaulipa kwa masharti yake. Kati ya tarehe 29 Septemba na 27 Oktoba ni wiki nne tu, mwanangu, na bei yake ni ile bili yote.

Lakini "mwanafunzi wa kweli" maana yake unahudhuria na unafanya kazi. Siwezi kukuambia ukalie kiti ili saa isogee, na wewe mwenyewe usingependa. Kuna jingine: chuo chako lazima kina siku ya mwisho ya kujitoa kwa alama ya W badala ya F. Mara nyingi huangukia karibu na wiki ya kumi, na wiki yako ya kumi inaanza hiyo hiyo tarehe 27 Oktoba. Ikiwa siku ya mwisho ya W ni Ijumaa ya tarehe 31, una siku tano za kupitia mlango huo. Ikiwa ni tarehe 24, mlango umefungwa kabla hujafika, na itabidi upime F dhidi ya bili. Muulize msajili tarehe hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Hapo nina maswali mawili kuhusu yale uliyoyachukua kama yalivyo.

La kwanza, lazima uache yote? Hesabu niliyokupigia ni ya mtu aliyejitoa katika masomo yote. Ukiacha matatu na kubaki na moja hadi mwisho, kwa serikali hujajitoa, na saa ya pili hailii kabisa. Ruzuku ya Pell hupangwa kulingana na idadi ya masomo, lakini vyuo vingi hufunga hesabu hiyo siku fulani ya mwanzoni mwa muhula. Ikishapita, kupunguza masomo hakupunguzi ruzuku, mradi ulianza kuhudhuria kila somo ulilolipiwa. Waulize kama siku hiyo imepita kwenu. Kwa wiki ya sita huenda imepita. Gharama zake zipo. Ukishuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, ile miezi sita ya mkopo inaanza kuhesabika. Na W tatu zitakushusha chini ya kiwango cha maendeleo, ambacho kwa vyuo vingi ni kumaliza kama theluthi mbili ya masomo unayoanza. Kwa kawaida mara ya kwanza hupewa onyo la muhula mmoja, ruzuku haikatwi papo hapo. Je, kati ya masomo yako manne kuna moja la mtandaoni, ambalo mtu anaweza kulifanya akiwa amekaa chumba cha kusubiri cha kliniki saa nne nzima? Hilo unalijua wewe, mimi silijui. Na hata hilo moja likikushinda mwezi wa kumi na moja, tarehe yako ya kujitoa itakuwa ya mwezi wa kumi na moja, siyo ya Jumatatu hii.

La pili, lazima dereva na mkalimani awe wewe kila safari? Kama mama ana bima ya Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo, bima hiyo hugharamia usafiri wa kwenda matibabu yasiyo ya dharura, kusafishwa damu kukiwamo. Masharti hutofautiana kwa jimbo, hasa nyumba ikiwa na gari linalotembea, na huenda ikahitajika barua ya daktari kueleza kwa nini gari hilo haliwezi kumpeleka. Afisa ustawi wa kliniki anayajua hayo. Kila kliniki ya kusafisha damu ina mtu huyo. Mkalimani nao wanapaswa kumtoa bure, hata kwa simu. Najua mama anaweza kumkataa mkalimani wa simu. Mama yangu mdogo alimkataa akisema sauti yake ni ya mtu anayekula. Lakini hata safari moja kati ya tatu ikiondoka mabegani mwako, hesabu ya wiki nne inakuwa nyingine.

Bado kuna mlango ambao watu hawauoni kwa sababu hauandikwi kwenye jedwali la marejesho. Vyuo vingi vina rufaa ya ada kwa mtu aliyepatwa na ugonjwa au msiba mzito baada ya ngazi kuisha. Kuna fomu, barua ya daktari, na maelezo yako ya ukurasa mmoja. Vingine hupokea ugonjwa wa mwanafunzi mwenyewe tu, vingine hupokea wa mzazi unayemhudumia. Vingine hufuta nusu. Usijitoe ukiitegemea, kwa kuwa jibu huja baadaye na linaweza kuwa hapana. Ila ona kinachotokea wakikubali kufuta ada yote ya 4,200 baada ya wewe kujitoa Jumatatu: bili ya 2,759 inafunikwa, na akaunti inabaki na dola kama 1,441 za ziada. Za nani? Hapo ndipo tunafika kwa katibu wa jumuiya.

Tuanze na ile hundi. Ilipokwenda chuoni, iliandamana na barua? Barua ya mfadhili ndiyo sheria ya pesa yake. Ikisema "kisichotumika kirudishwe kwetu", chuo huiwekea alama, na ziada ikitokea humrudishia mfadhili kwanza, hadi kiasi alichotoa. Ikiwa hakuna barua, au barua inasema tu "kwa ajili ya masomo ya binti yetu", vyuo vingi huihesabu kuwa yako, na ziada huja kwako. Jumuiya nyingi hupeleka hundi na dua, barua hawaandiki. Basi muombe mhasibu wa chuo akuoneshe wameiandikaje.

Ili chuo kirudishe, lazima kuwe na ziada. Kwa sasa haipo. Ngazi imekwisha, ada imebaki 4,200, akaunti ina deni. Katibu akipiga simu chuoni kesho, ataambiwa hakuna cha kurudisha. Na akisisitiza, chuo kikamrudishia 1,500 kwa sababu barua inakilazimisha, 1,500 hiyo itaongezwa kwenye bili yako: 2,759 inakuwa 4,259. Jumuiya inapaswa kulijua hili kabla ya kudai, kwani nadhani hakuna mchangaji aliyekusudia hivyo.

Je, pesa yao ilitumika? Swali hili lina majibu mawili, na yote ni ya kweli. Kabla hujajitoa, pesa za serikali peke yake, 5,330, zilizidi ada kwa 1,130. Ukiangalia hivyo, hundi ya jumuiya haikugusa ada. Ilipita chuoni na kuingia benki yako pamoja na hizo 1,130, ndiyo ile 2,630. Ukijitoa Jumatatu, picha inageuka: serikali inachukua 2,759, na katika ada iliyobaki bila mlipaji, pesa ya jumuiya ndiyo inayozuia shimo lisiwe kubwa zaidi. Mtu mkali atakuambia umekula mchango. Mtu mwingine atakuambia mchango umelipa ada ya wiki sita ulizosoma. Wewe waoneshe karatasi ya akaunti, wasome wenyewe.

Na ile 600 ya kaka yako. Pango na breki za gari la kwendea darasani ni gharama za mwanafunzi, hata fomu ya mkopo inazitambua. Kaka hayumo humo. Sikulaumu, najua mgao wa chakula kambini na najua simu inavyolia. Ila ukiwaeleza wazee, itaje wewe kabla haijatajwa na mwingine, kwa kuwa Nyarugusu na Kentucky zinapigiana simu kila jioni.

Unaweza kuwaandikia pendekezo, na mapendekezo yapo zaidi ya moja. Unaweza kuomba hundi ibaki chuoni ikuhesabie muhula utakaorudi. Unaweza kuomba walihesabu deni lako kwao, ulipe dola 50 kwa mwezi, ambayo ni miezi 30, na ni afadhali kwako kuliko kuongezewa bili ya chuo. Unaweza kuwaahidi kwamba rufaa ikikubaliwa, ile 1,441 itaelekezwa kwao, na umwombe mhasibu aiandike hivyo kwenye akaunti mapema. Kila moja lina hatari yake. La kwanza halina maana ikiwa huna hakika ya kurudi. La pili litakukaba mama akizidiwa. La tatu linategemea kamati ambayo hujawahi kuiona. Na kama utafika 27 Oktoba au ukabaki na somo moja, huenda swali lote la kurudisha likapoa, kwa sababu utakuwa umesoma kile walichokichangia, au sehemu yake.

Aibu yako kanisani naielewa, lakini sidhani katibu aliuliza ili kukuaibisha. Yeye naye ana daftari, na kuna watu wanamuuliza. Ulishindwa kumjibu kwa sababu ulikuwa hujui hesabu. Sasa unaijua kuliko yeye.

Jumatatu nenda, fomu iwe ndani ya begi. Dirisha la kwanza ni msajili: siku ya mwisho ya W ni lini? La pili ni mikopo na ruzuku: endapo nitajitoa leo, na endapo nitajitoa 27 Oktoba, nipigieni hesabu mbili kwenye karatasi, na hesabu ya Pell ilifungwa lini? La tatu ni mhasibu: hundi ya wafadhili wangu mmeiandika kwa masharti gani, na fomu ya rufaa ya ada iko wapi? Andika jina la kila aliyekujibu, na saa. Kisha niandikie tena, uniambie na mama alimwonaje mkalimani.

Shangazi